Wateja wa duka: kuwagawa kwa vitovu au kwa mti

Wateja wa duka dogo la rejareja wanaweza kugawanywa katika makundi kwa tabia zao za kununua bila mwenye duka kutangulia kusema nani ni mteja mkubwa na nani ni wa reja reja. Namba zenyewe huachwa zionyeshe nani anafanana na nani. Mbinu mbili ndizo zinazotumika sana kwa kazi hiyo. Ya kwanza huitwa wastani wa K, ambapo K ni idadi ya makundi inayochaguliwa mapema. Ya pili ni ya ngazi: huunganisha wateja hatua kwa hatua hadi wote wawe kundi moja, na matokeo yake huchorwa kama mti.

Sharti la awali ni kujua nani alinunua nini. Daftari la mikopo linatosha, au orodha ya malipo ya simu. Kwa kila mteja huchukuliwa vipimo vichache, kwa mfano idadi ya siku alizokuja dukani kwa mwezi na wastani wa fedha anazoacha kila anapokuja. Tuseme duka lina wateja sita tu. A alikuja mara 24 na kila mara aliacha shilingi 1,000. B alikuja mara 22 na kuacha 2,000, naye C mara 20 na kuacha 1,000. Hawa ni wanunuzi wa sukari ya kupima na sabuni ya kipande. D alikuja mara 5 akiacha 17,000 na E mara 4 akiacha 21,000. Hao hununua kwa mafungu. F yuko katikati: mara 12, kila mara 7,000.

Mbinu zote mbili hupima umbali kati ya mteja na mteja kwa kanuni ya Pithagorasi, na hapa ndipo wengi hupotea kabla hata hawajaanza. Fedha zikiachwa katika shilingi kamili, A na C wanatofautiana kwa 4 tu, wakati A na B wanatofautiana kwa zaidi kidogo ya 1,000. Idadi ya siku inakuwa kama haipo, na makundi yanatokana na fedha peke yake. Kwa hiyo vipimo lazima viletwe kwenye mizani moja. Katika mfano huu kazi ni rahisi: fedha zikihesabiwa kwa maelfu, siku zinaanzia 4 hadi 24 na fedha zinaanzia 1 hadi 21, yaani vipimo vyote viwili vina upana wa 20. Sasa umbali wa A na B ni 2.2, na wa A na C ni 4.

Wastani wa K ulibuniwa na Stuart Lloyd katika maabara za Bell mwaka 1957 kwa ajili ya kazi ya mawimbi ya simu, ingawa andiko lake lilichapishwa rasmi mwaka 1982. Hatua zake ni chache. Huchaguliwa vitovu K vya kuanzia, kila mteja akapelekwa kwenye kitovu kilicho karibu naye, kisha kila kitovu kikahamishiwa kwenye wastani wa wateja wake. Mzunguko huo hurudiwa hadi pasiwe na mteja anayehama.

Udhaifu wake mkubwa uko mwanzoni kabisa. Tuchukue makundi matatu, na vitovu vya kuanzia viangukie kwa A, B na C. Katika mzunguko wa kwanza D, E na F wote wanakwenda kwa C, kwa sababu ndiye aliye karibu nao kuliko wengine wawili. Kitovu cha C kinavutwa mbali, C mwenyewe anahamia kwa B, na hesabu inatulia ikiwa na makundi haya: A peke yake, B na C pamoja, na D, E na F pamoja. Hakuna anayehama tena, lakini mgawanyo huu haufai. A ametengwa na watu wanaofanana naye, naye F amefungwa na wanunuzi wa mafungu. Jambo hili hugunduliwa kwa kujumlisha miraba ya umbali wa kila mteja hadi kitovu chake. Hapa jumla ni 144.5. Vitovu vikianzia kwa A, E na F, makundi yanakuwa A, B na C. D na E. Na F peke yake, na jumla inashuka hadi 17.2. Dawa ni kurudia hesabu kwa mianzo mingi na kuchukua yenye jumla ndogo. Katika programu ya R idadi ya mianzo ni `nstart`, na isipotajwa ni 1 tu, jambo ambalo ni rahisi kulisahau.

```r
d2 <- scale(d)
mti <- hclust(dist(d2), method = "average")
plot(mti)
kmeans(d2, centers = 3, nstart = 25)
```

Mbinu ya ngazi haina bahati nasibu ya mwanzo. Huanza na kila mteja akiwa kundi lake, kisha makundi mawili yaliyo karibu zaidi huunganishwa. Tukitumia wastani wa umbali kati ya wateja wa kundi moja na la pili, A na B wanaungana kwa umbali wa 2.2, C anawafuata kwa 3.1, na D na E wanaungana kwa 4.1. Baada ya hapo kuna mruko: F anaingia kundi la A, B na C kwa 11.5, na mwisho pande mbili zinakutana kwa 22.2. Mti ukikatwa chini ya 11.5 kunabaki makundi matatu. Ukikatwa juu yake kunabaki mawili. Ndiyo faida yake kubwa, kwani unaonyesha kwamba majibu yote mawili yana msingi, na kwamba F ndiye mteja wa kutazamwa kwa makini. Wastani wa K hausemi hivyo. Hutoa makundi matatu kwa aliyeomba matatu, na matano kwa aliyeomba matano.

Hata hivyo mti nao una makosa yake. Walioungana hawatenganishwi tena, hata hatua za baadaye zikionyesha kwamba walikosewa. Tena, ukipima umbali kati ya wateja wawili wa karibu tu wa kila kundi, wateja wa katikati wanaweza kushikana mmoja mmoja kama mnyororo na kuyafunga pamoja makundi yasiyofanana. Wastani wa umbali, au njia aliyoitoa Joe Ward mwaka 1963, hupunguza tatizo hilo. Pia kila jozi ya wateja lazima ipimwe: wateja 6 ni jozi 15, wateja 300 ni jozi 44,850, na wateja 10,000 ni karibu jozi milioni 50. Kwa kompyuta ya kawaida 300 si kitu.

Mteja mgeni ni rahisi zaidi kwa wastani wa K. Akija mtu wa mara 18 na shilingi 3,000, analinganishwa na vitovu vitatu tu: yuko umbali wa 4.3 kutoka kitovu cha A, B na C, na 7.2 kutoka kwa F. Anaingia kundi la kwanza bila mti mzima kuchorwa upya.

Kwa duka lenye wateja mia chache, basi, mti utangulie ili kuamua idadi ya makundi, na wastani wa K ufuate kwa mianzo mingi. Aliyenunua mara moja kwa ajili ya harusi aondolewe kabla ya hesabu, la sivyo atavuta kitovu au atachukua kundi zima peke yake.