Maneno ya Ubaoni Nayo ni Sehemu ya Biashara

Asubuhi mwenye mgahawa mdogo wa Tarime mjini huandika kwa chaki: "LEO: KUKU WA KIENYEJI." Maneno hayo ndiyo yanayompandishia bei, kwa kuwa mlaji anajua kuku wa kienyeji ni ghali sokoni na huchukua muda mrefu jikoni. Basi tuyapime kwa mizani ya dini.

Tuseme amechinja kuku 4 na kila mmoja amemkata vipande 8. Akipakua vipande 2 kwa sahani, anazo sahani 16, wala hapati ya 17. Baada ya swala ya Adhuhuri zote zimekwisha. Alasiri wanaingia wasafiri kutoka Sirari. Wanasoma ubao na kuagiza. Mpishi anatoa kuku wa kisasa kwenye jokofu na kuwatoza bei ile ile. Hakuna aliyetamka uongo kwa kinywa, lakini ubao umesema kwa niaba yao. Mlaji mzoefu hutambua: nyama inaachia mfupa upesi, na mfupa wenyewe ni laini.

Imepokewa na Abu Huraira (r.a.), katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipita kwenye lundo la chakula sokoni, akaingiza mkono ndani, akakuta umajimaji. Muuzaji alijitetea kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Mvua haikuwa kosa la muuzaji, wala kwisha kwa kuku si kosa la mpishi. Kosa ni kumficha mnunuzi.

Dawa yake ni nyepesi. Ubao uandikwe hivi: "LEO: Kuku wa kienyeji wa mchuzi, vipande 2, kwa ugali au wali. Sahani 16 tu." Sahani ya mwisho ikitoka, mhudumu afute mstari huo kabla ya kupokea oda nyingine. Kuku wa kisasa apewe mstari wake na bei yake.

Kadi ya mezani ni jambo jingine. Hiyo hukaa miezi, kwa hiyo iandikwe yasiyobadilika tu: chai, maharage, chapati. Chakula cha siku kikiandikwa kwenye kadi, kitaendelea kuahidiwa siku kisipopikwa. Kwa kuwa mpakani watu hubeba fedha za nchi mbili, kadi itamke wazi ni shilingi ya Tanzania au ya Kenya. Bei isiyojulikana huzua ugomvi.

Na aliyekwisha kuletewa kisichokuwa kile kilichoandikwa? Mauzo ya kitu kwa sifa humpa mnunuzi hiari ya kukataa sifa hiyo inapokosekana. Mwenye mgahawa asingoje kudaiwa: aeleze kabla sahani haijaguswa, apunguze bei au aache mgeni achague kingine.

Wabillahi tawfiq.