Asilimia Inaanza Kuhesabiwa Upande Gani?

Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha ripoti ya utafiti waliofanya katika hospitali za London. Wahojaji walikuwa wamewauliza wagonjwa wa saratani ya mapafu kuhusu uvutaji wa tumbaku. Kisha, kwa kila mgonjwa, walimtafuta mwingine wa jinsia ileile na umri wa kukaribiana, aliyelazwa kwa maradhi yasiyo saratani, wakamuuliza maswali hayohayo. Mvutaji alihesabiwa kuwa mtu aliyewahi kuvuta walau sigara moja kwa siku kwa muda wa mwaka mmoja. Ripoti hiyo ni shule nzuri kwa yeyote mwenye rundo la hojaji mezani, kwa sababu hesabu zake mtu anaweza kuzifuata kwa kalamu na karatasi.

Tuanze na wanawake, maana idadi yao ni ndogo. Majibu ya maswali mawili yanakutanishwa katika jedwali moja:

| | Wenye saratani ya mapafu | Wenye maradhi mengine |
|---|---|---|
| Wavutaji | 41 | 28 |
| Wasiovuta | 19 | 32 |
| Jumla | 60 | 60 |

Hapa ndipo ripoti nyingi zinapoteleza. Ukisoma mstari wa wavutaji kwenda kulia, utaona 41 kati ya 69 wana saratani, yaani asilimia 59. Je, tuandike kwamba asilimia 59 ya wanawake wanaovuta hupata saratani ya mapafu? La hasha. Watafiti wenyewe ndio walioamua kuchukua wagonjwa 60 wa kila upande. Wangechukua wenye maradhi mengine 600, asilimia hiyo ingeporomoka bila sigara kubadilika hata chembe. Kwa hiyo asilimia ihesabiwe ndani ya makundi ambayo mtafiti aliyapanga tangu mwanzo, hapa kutoka juu kwenda chini: waliovuta ni asilimia 68 ya wenye saratani, na asilimia 47 ya wenzao.

Pengo hilo la asilimia 21 laweza kuwa bahati tu? Jaribio la kai-skwea linajibu kwa kuuliza: kama uvutaji hauhusiani na ugonjwa, tungetarajia nini? Wavutaji 69 wangegawanyika sawasawa, 34.5 kila upande, na wasiovuta 51 wangekuwa 25.5 kila upande. Kila chumba cha jedwali kimepishana na matarajio hayo kwa 6.5. Zidisha tofauti hiyo kwa yenyewe, upate 42.25, gawanya kwa idadi iliyotarajiwa katika chumba husika, kisha jumlisha vyumba vyote vinne. Jibu ni 5.76.

Kwa jedwali la vyumba vinne, mpaka uliozoeleka ni 3.84. Tumeuvuka. Maana yake ni kwamba, kama sigara isingehusika, pengo kubwa kiasi hiki au zaidi lingejitokeza kwa bahati katika tafiti chini ya 2 kati ya 100. Haimaanishi kwamba dai lina uhakika wa asilimia 98. Kosa hilo huandikwa sana, hata na wasomi.

Kwa wanaume mambo yalikuwa mengine. Kati ya 649 wa kila kundi, wasiovuta walikuwa 2 upande wa saratani na 27 upande wa pili. Karibu kila mwanaume alivuta, kwa hiyo kumuuliza kama anavuta au havuti hakumtofautishi vya kutosha na mwenzake. Ikabidi waangalie kiasi. Tatizo ni kwamba daraja la juu liliandikwa “50 na zaidi”, na daraja lisilo na kikomo haliruhusu wastani wa kweli: huyo alivuta 50 au 90? Hapo mtu wa katikati anasaidia kuliko wastani. Ukiwapanga wavutaji 647 wenye saratani kuanzia anayevuta kidogo, wa katikati anaangukia daraja la sigara 15 hadi 24 kwa siku. Kwa wenzao 622, wa katikati yuko daraja la 5 hadi 14.

Hata hivyo, kai-skwea haioni hojaji iliyopinda. Mhojaji anayejua kwamba mbele yake yuko mgonjwa wa saratani anaweza kumdodosa zaidi kuhusu sigara, na hesabu ikatoka safi kabisa juu ya majibu yaliyopotoshwa. Doll na Hill walilipima hili kwa njia ninayoipenda kuliko zote katika ripoti yao. Walikuwapo wagonjwa waliodhaniwa na wahojaji kuwa na saratani ya mapafu, lakini baadaye ikathibitika hawana. Kama wahojaji ndio waliolitengeneza pengo, hao nao wangeonekana wavutaji wakubwa. Majibu yao yalifanana na ya wagonjwa wasio na saratani hiyo.