Klampu Ambayo Mashine Haiioni

Mashine ya CNC ya kuchonga mbao haina macho. Ina faili la maandishi lililojaa amri fupi, na inazitii moja baada ya nyingine bila kujua kama mbele yake kuna mninga, hewa au chuma. Fundi anachora ua kwenye kompyuta, programu inamwandalia faili hilo, na faili likifika kwenye mashine, biti inazunguka mara elfu kumi na nane kwa dakika na kwenda itakakoambiwa. Ikiambiwa ipite mahali palipofungwa klampu, itapita hapo hapo.

Kuna amri mbili ambazo kila anayekaa karibu na mashine hii anapaswa kuzijua. `G1` huiambia mashine itembee kwa kasi ya kukata, ile aliyoichagua fundi. `G0` huiambia ihame kwa kasi yake yote, kwa sababu inadhaniwa kuwa iko hewani na hakuna cha kukata. Biti nyingi na klampu nyingi huharibika kwenye `G0`. Router ndogo inayohama milimita 5,000 kwa dakika inakwenda zaidi ya milimita 80 kwa sekunde. Ukichukua nusu sekunde kushtuka na kuifikia swichi ya dharura, imeshapita sentimita nne.

Tuchukue ubao wa kichwani mwa kitanda: mninga wa unene wa milimita 25, upana milimita 900. Sifuri imewekwa kwenye kona ya chini kushoto, juu ya uso wa mbao, kwa hiyo Z yenye alama ya kutoa iko ndani ya mbao na Z ya kujumlisha iko hewani. Ukingo wa chini umebanwa katikati kwa klampu ya kipande cha chuma. Inaanzia X430 hadi X470, na imeingia juu ya mbao mpaka Y45. Chuma chenyewe kina unene wa milimita 10, na boliti yake inafika milimita 24 juu ya uso wa mbao. Pembeni yanachongwa maua mawili, moja kushoto na jingine kulia. Mahali ambapo mashine inamaliza ua la kwanza na kuhamia la pili, faili linasema hivi:

```
G1 X95 Y35 Z-4 F1500
G0 Z5
X820 Y35
G1 Z-4 F400
```

Biti inainuka milimita tano tu juu ya mbao, kisha inakimbia kulia ikiwa imeshika Y35. Klampu iko njiani, na chuma chake kimeizidi biti kwa milimita tano. Mstari wa tatu ndio wenye hatari, na angalieni kwamba hauna `G0` popote. Amri hiyo hubaki ikifanya kazi mpaka itakapobadilishwa na nyingine, kwa hiyo anayelipekua faili kwa kutafuta neno `G0` ataukosa mstari huo. Simuleta haiukosi, kwa sababu inalisoma faili kama mashine inavyolisoma.

Simuleta ni programu inayoigiza kazi yote kwenye skrini. CAMotics, kwa mfano, ni ya bure na hufungua faili lile lile litakalokwenda kwenye mashine. Jambo hilo lina uzito, maana baadhi ya programu za kuchorea huonyesha njia ya biti kabla haijageuzwa kuwa amri, na kosa lililoingia wakati wa kugeuza halitaonekana hapo. Fungua faili, kisha zungusha picha uitazame kutoka ubavuni, usawa wa uso wa mbao. Mistari ya kuhama huchorwa kwa rangi tofauti na ile ya kukata. Ukiitazama kutoka juu utaona maua mazuri na hutajua lolote kuhusu kimo, lakini kutoka ubavuni mstari mrefu unaoambaa milimita tano juu ya mbao hujitokeza wazi.

Hata hivyo simuleta haina habari ya klampu kama hukuiambia. Katika Fusion unaweza kuzichora klampu na kuzisajili kwenye sehemu iitwayo `Fixture`, na mwigo utakuonya biti ikizigusa. Kama simuleta yako haina nafasi hiyo, pima klampu zako kwa rula, andika kwenye karatasi kila moja inaanzia wapi, inaishia wapi na kimo chake, ongeza nusu ya upana wa biti kila upande, kisha linganisha na namba zinazopita kwenye skrini. Ni kazi ya dakika chache, na mimi huiamini kuliko kukadiria kwa macho.

Dawa ya ubao wetu ni kimo cha kuhama. Programu nyingi hukupa vimo viwili: kifupi cha kuruka ndani ya ua lile lile, na kirefu cha kutoka ua moja hadi jingine, ambacho mara nyingi huitwa `Clearance Height`. Kiwe juu ya boliti, si juu ya mbao tu. Hapa milimita 35 zinatosha:

```
G0 Z35
X820 Y35
Z5
```

Wapo wanaokwepa kimo hiki wakidai kinapoteza muda. Kama kichwa cha mashine kinapanda na kushuka milimita 25 kwa sekunde, hizo milimita 30 za ziada za kwenda na kurudi ni sekunde mbili na nukta kwa kila mruko.

Hatari ya pili imejificha zaidi, nayo ni nati inayoibana biti. Biti yetu ina upana wa milimita sita, lakini nati ya koleti ya ER20 ina kama milimita 34. Tuseme sasa tunakata tao la juu la ubao huo, na njia ya biti inapita milimita 12 kutoka ncha ya klampu nyingine ya aina ile ile. Ubavu wa biti unabakiwa na nafasi ya milimita tisa, kwa hiyo simuleta inayochora biti peke yake itasema pako salama. Biti imechomoza milimita 32 chini ya nati. Tunakata kwa mizunguko, kila mmoja ukishuka milimita tano. Katika mzunguko wa nne, kina cha milimita 20, nati iko milimita 12 juu ya mbao na inapita juu ya chuma ikibakiza milimita mbili. Katika wa tano iko milimita saba tu juu ya mbao, na chuma kina kumi. Fundi aliyeona mizunguko minne ikipita salama ndiye anayegeuka kuchukua simu wakati wa tano unaanza. Rudisha klampu nyuma kiasi cha milimita 20, au chomoza biti zaidi ukijua kwamba biti ndefu hutetemeka. Na kama simuleta inakubali kuchora kishikio cha biti, kichore kwa vipimo vyake halisi.

Kuna jambo ambalo hakuna simuleta inayoweza kulijua: mahali ulipoiweka sifuri mezani. Mfano mbaya ni amri hii, ambayo baadhi ya programu huipachika mwanzoni mwa faili:

```
G28 G91 Z0
```

Nia yake ni kupeleka kichwa juu, nyumbani. Lakini kwenye mashine ndogo isiyo na swichi za kutambua nyumbani, nyumbani huweza kuwa pale kichwa kilipokuwa umeme ulipowashwa. Kama kilikuwa chini, kitashuka kwa kasi yote. Kwa mashine ya namna hiyo, ondoa amri hiyo wakati wa kuandaa faili, uweke `G0 Z35` badala yake.

Ndiyo maana baada ya simuleta huja mzunguko wa hewani. Kama mashine ina nafasi ya kupanda, weka sifuri ya Z milimita 60 juu ya mbao, punguza kasi ya kuhama hadi robo, kisha endesha faili zima. Hata kina cha milimita 25 kitaiacha ncha ya biti milimita 35 juu ya mbao, yaani juu ya boliti zote. Simama karibu na swichi, jicho moja kwenye klampu na jingine kwenye skrini. Biti ikipita juu ya klampu huku skrini ikisoma Z5, simamisha mashine na urudi kwenye faili.