Rafiki akisema barua yako ya kazi 'iko poa', huenda swali lako ndilo lenye shida

Watu wengi wakimaliza kuandika barua ya maombi ya kazi humtumia rafiki kwenye WhatsApp na kuuliza: "Unaionaje?" Jibu huwa lile lile: "Iko poa, tuma tu."

Si lazima rafiki awe mnafiki. Swali hilo linamtaka atoe hukumu, na akisema barua ni mbaya anaogopa kuonekana ana wivu au anajifanya mjuaji. Kusifia ndiyo njia salama.

Dawa ni kumuuliza yeye kama msomaji, si kama hakimu. Tuseme kijana anaomba kazi ya kutunza stoo, na mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Jumanne anamwandikia rafiki yake: "Hii bado rasimu, nitaibadilisha. Isome mara moja, kisha bila kuiangalia niambie unakumbuka nini kunihusu. Na nikilazimika kukata aya moja, nikate ipi?"

Swali la kwanza halijibiki kwa sifa tupu. La pili limeshakubali kwamba kuna kitu cha kutoka, kwa hiyo kukitaja si kumvunjia mtu heshima. Siku zilizobaki nazo zinasaidia, maana barua inayotumwa usiku huo huo haina nafasi ya kurekebishwa, na rafiki ataona hakuna haja ya kusema.

Safari hii jibu linakuwa tofauti: "Nakumbuka unajituma na ni mwaminifu, lakini hayo kila mtu anaandika. Mbona hukutaja ile miaka 2 uliyopokea na kuhesabu mzigo kwenye duka la vifaa vya ujenzi? Aya ya kwanza kata."

Hapo ndipo wengi wanaharibu. Wanajibu, "Hujanielewa, nilimaanisha..." Rafiki anarudi nyuma na kusema, "Sawa, basi iko vizuri," na hatasema tena. Bora kujibu: "Ahsante, hapo sikupaona. Pengine je?" Kama kuna jambo lilihitaji kufafanuliwa kwa mdomo, lilipaswa kuwa ndani ya barua, kwani mwajiri hatakuwa na wa kumuuliza.

Si kila ushauri wa rafiki ufuatwe. Akisema alipotea mahali fulani, mwamini. Namna ya kuparekebisha ni uamuzi wa mwandishi, na mambo ya stoo kwenyewe aulizwe mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo.

Barua ikishabadilika, arushiwe tena aone maneno yake yamefanya kazi. Safari ijayo hatasita.

Na kuna kipimo rahisi cha kujua kama amekuwa mkweli: jibu lake linataja sentensi au aya fulani. Likiwa linaweza kutumika kwa barua ya mtu yeyote, bado anakuonea haya.