Mtaji wa Laki Mbili: Kuuza, Kufanya Kazi kwa Ujira au Kukodisha?

Dada mmoja wa Pemba ametuuliza. Amepokea shilingi 200,000 za upatu, na anayo mawazo matatu: kuuza madera kwa picha za simu, kupaka piko maharusi, au kununua sahani za kukodisha shughulini. Lipi aanze nalo?

Madera ndiyo yenye tatizo la sharia. Anatuma picha za mali iliyo kwa muuzaji wa Dar es Salaam, anapokea pesa ya mteja, kisha ndipo anaagiza. Hapo ameuza asichokimiliki, jambo ambalo Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam. Tena boti ikichelewa au dera likija rangi nyengine, ugomvi ni wake. Njia ya halali ipo. Anunue machache, yamfikie mkononi, ndipo auze. Au awe wakala wa mteja kwa uwazi: "Dera dukani ni 15,000, ujira wangu wa kukuagizia ni 2,000." Hapo haitaji mtaji hata kidogo.

Sahani zinavutia kwa kuwa mali inabaki. Lakini tupige hesabu. Tuseme sahani moja ni 2,000, atapata 100. Akikodisha kwa 200 kila moja, shughuli moja humpa 20,000, kwa hiyo zinahitajika shughuli kumi ndipo mtaji urudi, na Ramadhani harusi hakuna. Zaidi ya hayo, aliyekodi ni mwaminiwa. Sahani ikivunjika bila uzembe wake, hasara ni ya mwenye mali, na sharti la "kila kitakachovunjika utalipa" halisihi katika madhehebu yetu ya Shafi. Analipa akizembea au akivuka makubaliano. Basi zihesabiwe pamoja, wakati wa kutoa na wa kurudisha.

Sisi tunampendekezea piko. Katika kisa alichokipokea Abu Daud, Mtume (s.a.w.) aliviuza vitu vya Ansari fukara kwa dirhamu mbili, moja ikanunua chakula cha watu wake, ya pili shoka, akaenda kukata kuni na kuuza. Baada ya siku kumi na tano alikuwa na dirhamu kumi. Nguvu zake ndizo zilizokuwa mtaji mkubwa.

Piko na vifaa vyake havitamaliza hata robo ya pesa zake. Ila ujira utajwe kabla mkono haujaguswa. Ile kauli yetu ya "utanipa utakachojaaliwa" ndiyo inayovunja ujirani; na ikishatokea, anastahiki ujira wa mfano, yaani wanaolipwa wapakaji wengine kwa kazi kama ile.

Akipata ziada, anunue sahani kidogo kidogo. Hizo hazitolewi zaka zenyewe. Zaka ni katika pesa zilizofika nisabu na kutimiza mwaka. Madera ya biashara, kinyume chake, huthaminiwa yote mwaka ukitimia.

Wallahu a'lam.