Barua ya Kuomba Kazi ya Ufuatiliaji na Tathmini: Onyesha Hesabu Yako

Shirika linapotangaza nafasi ya afisa ufuatiliaji na tathmini, barua nyingi hufika zikisema jambo lilelile: mwombaji ana uzoefu wa kuandaa tafiti, kukusanya takwimu na kuandika ripoti za wafadhili. Anayezisoma hana njia ya kumtofautisha aliyeongoza utafiti na aliyebeba madodoso. Nionavyo, aya tatu juu ya kazi moja zina uzito kuliko orodha ya kazi kumi.

Tuchukue mfano wa mradi wa visima katika wilaya moja ya Dodoma. Mfadhili anataka kujua ni kaya ngapi zinazopata maji ya kunywa kwa safari isiyozidi dakika 30, kwenda, foleni na kurudi.

Mwombaji makini huanza na idadi ya kaya alizohoji na sababu yake. Ukichagua kaya moja moja kwa bahati nasibu kutoka wilaya nzima, ukataka jibu lisipotoke zaidi ya pointi tano juu au chini kwa uhakika wa asilimia 95, kanuni ya kawaida hukupa kaya 385. Tatizo ni kwamba hakuna anayezunguka wilaya hivyo. Unachagua vitongoji, kisha kaya ndani yake. Na watu wa kitongoji kimoja huchota kisima kimoja, kwa hiyo kaya ya pili inakueleza mambo ambayo ya kwanza imekwisha kukueleza. Ukikadiria mfanano huo kuwa 0.1 na kuhoji kaya 10 kila kitongoji, unazidisha 385 kwa 1.9, unapata 732. Yaani vitongoji 74. Ukihoji kaya 20 kila kitongoji ili kuokoa mafuta ya gari, utahitaji kaya zaidi ya 1,100 kwa uhakika uleule. Mwombaji anayeandika kwamba alitetea vitongoji vingi vyenye kaya chache, na kwa nini, amekwisha kujieleza.

Aseme pia nani alichagua kaya. Ukimwachia mwenyekiti wa kitongoji, atakupeleka kwa wanaomkubali na walio karibu na barabara, ambako mara nyingi ndiko kisima kilichochimbwa. Dawa yake ni kuorodhesha kaya zote upya na kupiga kura.

Kwenye zana, kutaja KoboToolbox au ODK hakutoshi, maana kila mwombaji huzitaja. Aeleze swali. "Je, unapata maji kwa urahisi?" ni swali bovu, kwa kuwa kila mtu ana urahisi wake. Bora: "Mara ya mwisho mlipokwenda kuchota maji ya kunywa, safari nzima pamoja na foleni ilichukua dakika ngapi?" Kisha fomu iwekewe kizuizi ili mdodosaji asiandike 3000 badala ya 30:

```
. >= 0 and . <= 600
```

Kizuizi hicho hakimzuii mdodosaji aliyekaa chini ya mwembe akajaza majibu kichwani. Huyo hukamatwa kwa muda: mahojiano ya dakika 40 yaliyokwisha kwa dakika 8, au fomu kumi zenye alama moja ya GPS. Msimamizi hurudi kwenye baadhi ya kaya na kuuliza upya maswali machache yasiyobadilika, kama idadi ya wanakaya.

Sasa ripoti. Tuseme kabla ya mradi kaya zilikuwa asilimia 41, baada yake 56, na lengo lilikuwa 60. Mwandishi mwoga huandika "tumekaribia lengo". Mwandishi anayejua kazi huandika kwamba kadirio ni 56, ukweli uko kati ya 51 na 61, ongezeko lipo, ila haiwezekani kusema kwa hakika kama lengo limefikiwa au la. Kisha anataja msimu. Utafiti wa kwanza ukifanyika Oktoba, kiangazi kikali, na wa mwisho Machi wakati wa mvua, foleni za visimani zitakuwa zimepungua zenyewe, na sehemu ya ongezeko ni ya mawingu. Tafiti zote mbili zifanywe mwezi mmoja wa mwaka. Hata hapo, bila vitongoji vya kulinganisha visivyo na mradi, ripoti iseme hali imebadilika, isiseme mradi ndio ulioibadili.

Wafadhili hawakasirishwi na pungufu lililoelezwa kwa sababu zake. Wanachochukia ni kuligundua wenyewe wakati wa ukaguzi.

Ukiambatisha ukurasa wa ripoti au dodoso la zamani kama ushahidi, omba kwanza ruhusa ya shirika lenye kazi hiyo, na ufute majina, namba za simu na alama za GPS za waliohojiwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwajiri anayeona majina ya wanakijiji kwenye kiambatisho chako hatakukabidhi takwimu zake.