Apdeti za PS4 zinazokula bando usiku

Bando la GB 10 lililonunuliwa jioni linaweza kwisha kabla ya alfajiri bila mtu yeyote kugusa pedi. Mwenye nyumba anaamka, anakuta ujumbe kwamba kifurushi kimekwisha, na lawama za kwanza zinaiendea kampuni ya simu, za pili zinamwendea mtoto aliyekuwa akitazama video. Mara nyingi mlaji ni PS4 iliyo chini ya televisheni, ile iliyoachwa imelala huku kijitaa chake cha rangi ya chungwa kikiwaka.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Hotspoti ya simu inayotoa megabiti 20 kwa sekunde hupitisha megabaiti 2.5 kila sekunde. Kwa mwendo huo GB 10 zinamalizika ndani ya saa moja na dakika chache. Apdeti ya gemu kubwa hufika gigabaiti kadhaa, na zikigongana mbili usiku mmoja, kifurushi cha wiki nzima kinaondoka mara moja.

Nimeichagua PS4 kwa sababu ndiyo ninayoikuta zaidi majumbani na kwenye vibanda vya gemu vya kulipia. Ilitoka mwaka 2013, na waliyoitengeneza walimfikiria mtu mwenye faiba nyumbani, asiyehesabu data. Ikiunganishwa na hotspoti, inaiona kama waifai nyingine yoyote. Haijui kwamba nyuma ya waifai hiyo kuna bando la kununua. Nayo simu haisaidii sana, maana kwake PS4 ni kifaa kimoja tu kilichoomba mtandao. Zipo simu za Android zenye sehemu ya kuweka kikomo cha data kwenye hotspoti, na kama yako inayo, weka kikomo hicho leo. Lakini dawa ya kweli iko kwenye mashine yenyewe.

Anza na usingizi wa mashine. PS4 ina namna mbili za kupumzika, na wengi hawazitofautishi. Ukichagua Enter Rest Mode, mashine inalala nusu nusu: taa inakuwa ya chungwa, na kama imeruhusiwa, inabaki kwenye mtandao ikipakua na kusimika mafaili. Ukichagua Turn Off PS4, inazimika kweli, taa haiwaki kabisa, na haiwezi kupakua chochote. Njia ya kufika hapo ni kushikilia kitufe cha PS katikati ya pedi mpaka menyu ndogo itokee, kisha kuingia Power. Ukiwa na haraka na huna muda wa kusoma makala hii hadi mwisho, jizoeze hilo moja tu.

Kuna wanaoipenda Rest Mode kwa sababu gemu linabaki pale pale lilipoachwa, na sababu yao ni nzuri. Hao waingie Settings, halafu Power Save Settings, halafu Set Features Available in Rest Mode, waondoe alama kwenye Stay Connected to the Internet. Mashine italala na gemu likiwa limesimama, lakini bila mtandao.

Hatua ya pili ni apdeti zenyewe. Ndani ya Settings tafuta System, kisha Automatic Downloads. Utakuta visanduku vyenye alama ya tiki. Featured Content ni vitu ambavyo Sony inachagua kukuletea bila wewe kuviomba, kwa hiyo kiondoe bila kusita. Application Update Files ndicho kinachobeba mzigo mkubwa, apdeti za magemu. System Software Update Files ni za mfumo wa mashine, nacho kikiambatana na Allow Restart, mashine inaweza kujiwasha upya yenyewe ili kumalizia kazi. Ondoa alama zote. Kuanzia hapo wewe ndiye utakayeamua gemu gani lipate apdeti na lini.

Kuzima huku hakuzuii kila kitu. Ukifungua gemu huku mtandao upo, mashine inaweza kukuambia kwamba kuna apdeti. Ukiingiza CD mpya kwa mara ya kwanza, nayo huanza kunakili gemu kutoka kwenye CD na papo hapo kutafuta apdeti yake mtandaoni. Kwa hiyo kabla ya kuingiza CD mpya nenda Settings, kisha Network, uondoe alama kwenye Connect to the Internet. Gemu likishamaliza kunakiliwa, rudisha. Na kila unapohisi mtandao wa simu umekuwa mzito ghafla, fungua Notifications kwenye PS4 kisha Downloads. Pale utaona jina la kinachopakuliwa, ukubwa wake na kimefika wapi. Weka kiashiria juu yake, bonyeza Options, uchague Pause au uifute kabisa. Iliyosimamishwa kwa Pause huendelea pale ilipoishia ukiiruhusu tena, kwa hiyo data iliyokwisha kutumika haipotei.

Sasa nafasi, ambayo kwa maoni yangu inasumbua kuliko data na inaeleweka kidogo zaidi. PS4 iliyoandikwa GB 500 haikupi GB 500. Mfumo ukishachukua fungu lake, zinabaki kama GB 408. Watu wanadhani apdeti ya GB 4 inahitaji nafasi ya GB 4. Siyo hivyo. PS4 ikishapakua apdeti haibandiki kiraka juu ya gemu la zamani. Inajenga nakala mpya ya gemu pembeni, ikichanganya la zamani na mafaili mapya, na ikishakamilisha ndipo inafuta la zamani. Hicho ndicho kile kipindi kirefu ambacho skrini inaandika Copying, data haitumiki tena lakini diski inahangaika.

Tuchukue kibanda chenye PS4 moja ya GB 500. Ndani kuna gemu la mpira la GB 50, gemu la magari la GB 60 na mengine matatu makubwa, na nafasi tupu iliyobaki ni GB 35. Apdeti ya gemu la magari inafika, ni ya GB 4. Mwenye kibanda anaona 35 ni nyingi kuliko 4, lakini mashine inakataa ikisema nafasi haitoshi. Haikukosea. Ilihitaji kama GB 64 za kufanyia kazi, yaani gemu zima pamoja na apdeti, hata kama mwishoni ukubwa wa gemu utaongezeka kidogo tu. Yule kijana sasa anashawishika kufuta gemu mojawapo ili apate nafasi, na hapo ndipo data na nafasi zinapokutana vibaya. Gemu alilonunua mtandaoni likifutwa, kulirudisha ni kupakua GB 50 au 60 upya. Lililo kwenye CD litarudi kutoka kwenye CD, lakini apdeti zake zote zitahitaji bando tena. Kumbukumbu za mchezaji, yaani alipofikia na timu aliyojenga nje ya mtandao, huhifadhiwa kando na hazifutiki pamoja na gemu, ila hilo halirudishi data.

Kwa hiyo kwenye mashine yenye nafasi ndogo, apdeti ya gemu ambalo halichezwi ni hasara mara mbili. Gemu la magari la kibandani, ambalo watu wawili wanacheza bila mtandao, linaweza kukaa miezi bila apdeti na lisipungukiwe na kitu. Kabla ya kufuta gemu lolote, pita kwanza kwenye Settings, Storage, kisha Capture Gallery. Kitufe cha Share huanza kurekodi video kikibonyezwa mara mbili kwa bahati mbaya, na video hizo hujilundika bila mtu kujua.

Kuna sababu nyingine ambayo watengenezaji hawakuifikiria sana, nayo ni umeme. Ukikatika wakati mashine imelala na inasimika apdeti, ikiwashwa tena itasema haikuzimwa vizuri na itaanza kukagua diski. Mara nyingi inapona. Mara nyingine gemu linakuwa limeharibika na inabidi lisimikwe upya, yaani bando jingine. Apdeti unayoiendesha mwenyewe, macho yakiwa kwenye skrini, angalau unaweza kuipangia saa ambayo umeme huwa wa uhakika.

Je, mtu anaweza kuishi bila apdeti kabisa? Hapana, kama anacheza na wenzake mtandaoni. Mechi za mtandaoni zinadai toleo jipya la gemu, na huduma za PlayStation Network zinadai mfumo mpya wa mashine. Kwa anayecheza mpira na ndugu zake sebuleni, jibu ni ndiyo, na kwa muda mrefu. Hata vikosi vipya vya wachezaji kwenye magemu ya mpira ya EA huja kama faili dogo linalopakuliwa ndani ya gemu lenyewe, kando na apdeti kubwa, ingawa gemu likiwa la zamani sana huenda likakataa.

Apdeti ya mfumo ina njia ya mkato ambayo wachache wanaitumia. Inaweza kuletwa kwa fleshi. Tengeneza kwenye fleshi folda iitwayo PS4, ndani yake folda UPDATE, na humo weka faili lililopakuliwa kutoka tovuti rasmi ya PlayStation kwa kompyuta ya kazini au ya intaneti kafe. Majina lazima yawe hivi, kwa herufi kubwa:

```
PS4/UPDATE/PS4UPDATE.PUP
```

Chomeka fleshi, ingia Settings kisha System Software Update, na mashine italikuta. Magemu hayana njia hii ya fleshi. Kwa hayo, wanaofanya vizuri hubeba mashine yenyewe hadi kwa jamaa mwenye faiba, wanachagua gemu moja moja, wanabonyeza Options kisha Check for Update, na wanarudi nyumbani na kazi ya miezi kadhaa. Asiye na jamaa wa hivyo anunue bando la usiku na aanzishe apdeti mwenyewe, moja tu, kisha aizime mashine ikimaliza.

Mwenye PS5 atapata mambo hayo hayo kwa majina mengine: Settings, Saved Data and Game/App Settings, kisha Automatic Updates, na azime Auto-Download pamoja na Auto-Install in Rest Mode. Mfumo wake uko Settings, System, System Software. Wa Xbox aingie Settings, System, Updates, aondoe alama ya kusasisha magemu na programu moja kwa moja.

Ukiiazima mashine kwa rafiki au ukaipeleka kwa fundi, kagua tena Automatic Downloads ikirudi. Mashine iliyorudishwa kwenye hali ya kiwandani huziwasha apdeti zote upya, na haitakuuliza.